Mlinganyo Usiojua Kipimo Chake: Namna ya Kuushusha Daraja Mlinganyo wa Thomas na Fermi

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliojaza hadi safu za nyuma, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kushusha daraja la mlinganyo tofautishi kwa kutumia skeli. Ningeweza kupita juu juu kwenye milinganyo kumi, lakini nimeona afadhali tuchukue mmoja tu, tuukalie kitako mpaka utoe kila ulichoficha. Ni huu hapa ubaoni:

y'' = y^(3/2) / x^(1/2)

Wanafizikia wanauita mlinganyo wa Thomas na Fermi. Llewellyn Thomas na Enrico Fermi waliufikia mwaka 1927, kila mtu kwa njia yake, walipotaka kueleza atomu yenye elektroni nyingi bila kuifuatilia elektroni moja moja. Herufi x ni umbali kutoka kwenye kiini. Herufi y inatuambia ni sehemu gani ya nguvu ya kiini iliyobaki baada ya kufifishwa na elektroni zinazokizunguka. Ukiwa kwenye kiini chenyewe hakuna kilichofifia, kwa hiyo y(0) = 1. Ukiwa mbali kabisa na atomu isiyo na chaji, kila kitu kimefifia, kwa hiyo y inakwenda kwenye sifuri kadiri x inavyokwenda mbali bila mwisho.

Tunachokitafuta hasa ni namba moja: mteremko wa y pale pale kwenye kiini. Y inashuka, kwa hiyo mteremko ni hasi, nami nitauandika -B. Ukiijua B, unaipata nishati ya atomu nzima. Ndiyo maana watu walihangaika nayo.

Naomba niwaambie kwanza nilivyohangaika nayo mimi, maana hapo ndipo nilipojifunza thamani ya jambo la leo. Nilipokuwa mwanafunzi niliuchukua mlinganyo huu kama ulivyo, nikabahatisha mteremko wa mwanzo, nikapiga hatua ndogo ndogo kuelekea kulia nione kama y itafika sifuri ikiwa mbali. Nikianza na mteremko mkali kidogo kupita kiasi, y iligonga sifuri mapema. Nikiulegeza kidogo, y ilishuka vizuri, ikasita, kisha ikageuka na kupaa. Niliongeza tarakimu moja baada ya nyingine kwenye bahatisho langu, na kila tarakimu ilinisogeza mbele kidogo tu kabla mchoro haujanitoroka tena. Nilidhani nimekosea hesabu mahali. Hesabu ilikuwa sawa. Ni mlinganyo wenyewe usiokubali kuendewa kutoka upande ule, na baadaye kidogo tutaona sababu kwa namba.

Sasa tuutazame mlinganyo kwa jicho lingine. Tuseme nina suluhisho moja mkononi. Nikiuvuta mhimili wa x mara mbili, je, naweza kuuvuta au kuubana mhimili wa y kwa namna ambayo mchoro mpya nao utautimiza mlinganyo? Tujaribu kwa kizidishi chochote, tukiite a. Weka ax mahali pa x, na a^k y mahali pa y, na k bado hatuijui. Derivativu ya pili imegawanywa kwa x mara mbili, kwa hiyo upande wa kushoto unazidishwa kwa a^(k-2). Upande wa kulia unazidishwa kwa a^(3k/2 - 1/2). Pande mbili zitabaki sawa endapo vipeo ni sawa, yaani k - 2 = 3k/2 - 1/2. Hapo k = -3. Kwa hiyo ukiuvuta x mara mbili, gawanya y kwa nane, na suluhisho lako la zamani limezaa jipya.

Maana yake ni kwamba mlinganyo huu haujui kipimo chake. Haujui kama x imepimwa kwa rula ndefu au fupi, ilimradi y imebadilishwa ipasavyo. Basi kama mlinganyo haujali rula, sisi tuna sababu gani ya kuendelea kubeba x na y, ambazo zote mbili zimejaa habari za rula? Tutafute vigeu vipya visivyobadilika kabisa tunapobadilisha skeli. Viwili vinatosha, mradi kimoja kijengwe kwa x na y, na kingine kiwe na mteremko y' ndani yake.

Cha kwanza kinaonekana bila taabu. X imezidishwa kwa a, y imegawanywa kwa a^3, kwa hiyo x^3 y haibadiliki. Kipeo chake chochote hakibadiliki pia, nami nitachukua cha moja ya sita:

s = x^(1/2) y^(1/6)

Kwa nini moja ya sita? Kwa sababu karibu na kiini, y ya mlinganyo huu ina vipande vyenye x^(3/2) na x^(5/2), si vipeo kamili tu, na s ikienda kama mzizi wa x vipande hivyo vyote vinakuwa vipeo kamili vya s. Ukichagua x^3 y yenyewe hutakosea, ila utajikuta na mzizi unaokusumbua pale pale unapoihitaji namba yako. Uchaguzi wa kigeu una uhuru, na uhuru huo utumike kulainisha mahali penye maslahi.

Cha pili: y' inagawanywa kwa a^4, na y^(4/3) nayo inagawanywa kwa a^4. Kwa hiyo uwiano wake haubadiliki:

w = -y' / y^(4/3)

Tazameni w inakuwa nini kwenye kiini. Pale x = 0, y ni 1 na y' ni -B. Kwa hiyo w = B, na s = 0. Namba tunayoitafuta imekaa kwenye mhimili, inangoja kusomwa.

Tufanye hesabu yenyewe, na hapa naomba kila mtu awe na karatasi. Tunanyambua w kwa x na kuzidisha kwa x. Kipande cha kwanza kina y'', na hapo ndipo tunapouita mlinganyo wetu: tunaiondoa y'' na kuweka y^(3/2)/x^(1/2). Baada ya kupanga, kila kilichobaki kinajiandika kwa s na w peke yake:

x dw/dx = (4/3) s^2 w^2 - s

Tunafanya vivyo hivyo kwa s:

x ds/dx = s/2 - s^3 w/6

X imebaki mahali pamoja tu, kwenye x d/dx ya kila mstari. Ukigawanya mstari wa kwanza kwa wa pili, inaondoka kabisa:

dw/ds = (8 s w^2 - 6) / (3 - s^2 w)

Huu ni mlinganyo wa daraja la kwanza. Tulianza na derivativu ya pili. Sasa kuna derivativu moja, vigeu viwili, na hakuna rula. Ukifanya hesabu kama hii kwa mlinganyo mwingine na x ikakataa kuondoka, usilazimishe. Ama vigeu ulivyochagua vinabadilika na skeli, ama kipeo k ulikikosea hapo mwanzo.

Sasa tujue mkunjo wetu unaanzia wapi na kuishia wapi. Upande mmoja ni kiini: s = 0, w = B, na B hatuijui. Upande wa pili ni mbali kabisa. Kuna suluhisho moja la mlinganyo wa awali linalopatikana kwa kubahatisha kipeo tu: y = 144/x^3. Mnaweza kulihakiki sasa hivi: derivativu yake ya pili ni 1728/x^5, na 144 ikipewa kipeo 3/2 nayo ni 1728. Suluhisho hilo halifai kwenye kiini, maana linalipuka hapo, lakini mbali na kiini suluhisho letu linalikaribia. Na kwa suluhisho hilo, s ni mzizi wa tatu wa 12, karibu 2.289, popote ulipo. W nayo ni 0.572, popote ulipo. Kwa hiyo umbali wote usio na mwisho umekunjwa ukawa nukta moja kwenye karatasi yetu. Mimi bado hunifurahisha jambo hilo kila ninapolichora.

Ili namba zitulie, tupime s na w kwa thamani zake za nukta hiyo. Niandike T = s/2.289 na U = w/0.572, kwa thamani kamili si hizi zilizokatwa. Mlinganyo unakuwa:

dU/dT = 8 (T U^2 - 1) / (1 - T^2 U)

na nukta ya mbali inakuwa T = 1, U = 1. Umbo hili ndilo analolitumia Ettore Majorana katika daftari zake za mwaka 1928, alipokuwa bado mwanafunzi huko Roma. Emilio Segrè, aliyekuwa nao, alisimulia kwamba Fermi alikuwa ameshatengeneza jedwali lake la suluhisho kwa hesabu ndefu ya namba. Majorana akaomba kuliona, akaondoka, akarudi kesho yake na jedwali lake mwenyewe kuangalia kama la Fermi liko sawa. Lilikuwa sawa.

Turudi kwenye nukta. Weka T = 1 na U = 1 kwenye mlinganyo: juu unapata sifuri, chini unapata sifuri. Kompyuta ukiiambia ianzie hapo itakurudishia kosa, na ina haki. Tunahitaji kujua mkunjo unaondoka kwenye nukta hiyo kwa mteremko gani. Andika T = 1 - h na U = 1 + ch, na h iwe ndogo sana. Ukiacha vipande vyenye h mara mbili, inabaki:

c^2 - 18c + 8 = 0

Majibu ni mawili: c = 9 - √73, karibu 0.456, na c = 9 + √73, karibu 17.54. Lipi letu? Hapa wanafunzi wengi huchagua kwa macho. Kuna njia ya uhakika. Mstari wetu wa ds/dx, ukiandikwa kwa T, unasema x dT/dx = T(1 - T^2 U)/2. Karibu na nukta, hiyo inatoa x dh/dx = -(2 - c)h/2. Kwa c = 0.456, h inapungua kama x^(-0.772): kadiri unavyokwenda mbali, unaikaribia nukta. Kwa c = 17.54, h inakua kama x^(7.772): unaikimbia. Suluhisho letu lazima lifike kwenye nukta ukiwa mbali, kwa hiyo c yetu ni 0.456.

Na hapo ndipo nilipomwona yule adui yangu wa ujanani. Kipeo 7.772 ndicho kilichokuwa kinanitorosha mchoro. Kosa dogo lolote kwenye mteremko wa mwanzo linabeba kipande kidogo cha njia ile ya pili, na ukishafika mbali kipande hicho kinazidishwa kwa karibu 219 kila x inapoongezeka maradufu. X ikizidishwa kwa kumi, kosa linazidishwa kwa karibu milioni 59. Tarakimu nilizokuwa naongeza zilikuwa zinaliwa kwa kasi hiyo. Lakini ukigeuza safari, ukaanzia kwenye nukta ya mbali na kurudi kwenye kiini, kipeo kilekile kinakuwa rafiki: kosa ulilokuwa nalo mwanzoni linasinyaa kwa kasi ile ile.

Basi tuanzie mbali. Chagua T = 0.95, yaani h = 0.05, na U = 1 + 0.456 × 0.05, karibu 1.023. Thamani hiyo ya U si kamili, maana tumeacha vipande vidogo, ila kosa lake litakufa njiani. Piga hatua ndogo kurudi nyuma mpaka T = 0. Angalizo moja tu: karibu na nukta, hatua ziwe ndogo sana kuliko h yenyewe, la sivyo ule ukali wa njia ya pili unarudi kupitia hatua zako, na utauona kwa U kuanza kuyumba juu na chini badala ya kupanda taratibu. U ikipanda bila kuyumba, uko salama.

Asiye na kompyuta anaweza kutumia mfululizo. Endeleza U kwa vipeo vya h na mlinganyo wenyewe unakupa kila namba kutokana na zilizotangulia: 1, kisha 0.456, 0.304, 0.222, 0.168, na kuendelea. Pale T = 0, h ni 1, kwa hiyo unazijumlisha tu. Zinapungua polepole, na baada ya zile za mwanzo kila moja ni karibu robo tatu au zaidi ya iliyotangulia, kwa hiyo vipande vitano havitoshi. Unahitaji makumi kadhaa ili tarakimu zitulie. Zikitulia, U(0) inafika 2.77462. Izidishe kwa 0.572 kamili ya pale juu, na unapata

B = 1.58807

Hakuna kubahatisha. Mteremko ambao mwanzoni ulikuwa swali sasa umetoka kama jibu mwishoni mwa safari moja.

Kuna mtu safu ya tatu ameinua mkono, nadhani anataka kuuliza y yenyewe imekwenda wapi. Swali zuri, maana kushusha daraja hakukufuti ulichokishusha. Tumeitoa x kwenye mlinganyo, kwa hiyo sharti tuirudishe. Kutoka kwenye mstari wa dT/dx unapata

d(ln x) = 2 dT / (T (1 - T^2 U))

U sasa unaijua kwa kila T, kwa hiyo upande wa kulia ni integrali ya kawaida. Ndani ya integrali kuna namba moja huru, na namba hiyo ndiyo rula tuliyoitupa mwanzoni. Ni sharti y(0) = 1 ndilo linaloichagua. Kisha y = 144 T^6 / x^3. Angalieni masharti yetu mawili yamegawanya kazi: sharti la mbali, y kwenda sifuri, halijali skeli, kwa hiyo limeingia zima ndani ya mlinganyo wa daraja la kwanza. Sharti la kwenye kiini linajali skeli, kwa hiyo limengoja hadi integrali. Kama tungekuwa na masharti mawili yote yanayojali skeli, kwa mfano y iwe 1 kwenye kiini na iwe sifuri pale x = 10, mlinganyo mfupi bado ungekuwepo, lakini usingejua uishie wapi, na ingebidi urudi kwenye kubahatisha.

Kuna kitu kingine kinachomezwa, nami naomba mkitunze. Suluhisho 144/x^3 halikubadilika chini ya skeli, kwa hiyo kwenye karatasi ya T na U limekuwa nukta, wala si mkunjo. Mtu akikupa mlinganyo wa daraja la kwanza peke yake na kukwambia utafute mikunjo yote, hutaliona. Suluhisho lolote ambalo ukibadilisha skeli linabaki lile lile hupotea hivyo, kwa hiyo litafute mapema, kwa kubahatisha kipeo, kabla hujagawanya kwa chochote.

Tena, kugawanya dw/dx kwa ds/dx ni halali mahali s inaposonga. Kwa suluhisho letu s inapanda tu, kuanzia sifuri hadi mwisho. Lakini zile nilizokuwa nazichora ujanani, zinazogonga sifuri mapema, zina s inayopanda kisha kugeuka na kushuka, na pale inapogeuka chini ya mlinganyo panakuwa sifuri. W inakuwa na thamani mbili kwa s moja. Mikunjo ya namna hiyo ikatwe vipande viwili, au uifuate kwa ln x badala ya s.

Mwisho, mlinganyo mwenyewe ukiguswa kidogo tu, milango inafungwa. Mwaka 1930 Paul Dirac aliongeza athari ya elektroni kubadilishana nafasi, na mlinganyo ukawa

y'' = x (ε + (y/x)^(1/2))^3

Ukiweka ε = 0 unarudi kwenye wetu. Lakini ε isipokuwa sifuri, y/x lazima ibaki ile ile ili mabano yasibadilike, yaani k iwe 1. Hapo upande wa kushoto unazidishwa kwa a^(-1), wa kulia kwa a. Hakuna k inayofaa. Ile ε ndogo imeleta rula yake, nayo inategemea atomu iliyopo, ikipungua chaji ya kiini inapoongezeka. Kwa mlinganyo wa kwanza jedwali moja linahudumia atomu zote, unabadilisha tu kipimo cha umbali. Kwa huu wa pili, kila atomu inadai jedwali lake, na daraja la pili linabaki daraja la pili.